Mhadhara wa saa tatu umekatika, au ubao hausomeki: kutafuta kosa kwenye resolusheni, kasi ya biti na nafasi

Narekodi mihadhara ya takwimu kwa ajili ya wanafunzi wa jioni ambao kazi huwachelewesha kufika ukumbini. Kila kipindi kina saa tatu, mapumziko ni mafupi, na mwalimu anaandika ubaoni kwa chaki tangu mwanzo hadi mwisho. Vifaa ni simu moja ya Android, stendi, maiki ndogo ya kubana kwenye kola, na pawabenki. Siku ya kwanza nilikagua chaji, nikakagua sauti, nikaona nafasi ya GB 20 imebaki kwenye simu, nikabonyeza kitufe chekundu.

Usiku mwanafunzi mmoja akanipigia. "Kaka, mbona mwisho haupo? Dokta alisema maswali ya jaribio atayapitia mwishoni." Nikafungua faili. Lilikuwa limesimama kwenye saa 2 na dakika 37. Dakika 23 zilizobaki, zile zenye maswali ya jaribio, hazikurekodiwa.

Tangu hapo nimekutana na karibu kila tatizo la aina hii, na nimegundua kwamba mengi yanatokana na kuchanganya vitu viwili. Resolusheni ni idadi ya pikseli kwenye picha. Kasi ya biti, ile inayoonekana kwenye skrini kama Bitrate, ni kiasi cha data ambacho kifaa kinaandika kila sekunde. Resolusheni ndiyo inayoamua kama herufi ubaoni itakuwa na pikseli za kutosha. Kasi ya biti ndiyo inayoamua kama picha itabaki imara kitu kikitembea, na ndiyo peke yake, pamoja na muda, inayoamua faili litakuwa na ukubwa gani. Ukilishika hilo, dalili nyingi zinajieleza zenyewe.

Dalili: nafasi imeisha kabla mhadhara haujaisha

Anza na faili lililokatika, kwa sababu linakueleza simu yako inaandika kwa kasi gani. Kwenye kompyuta yenye ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri, andika hivi:

```
ffprobe -v error -show_entries format=duration,size,bit_rate -of default=nw=1 mhadhara.mp4
```

Langu lilitoa `bit_rate=16985138`. Hizo ni biti kwa sekunde, yaani karibu milioni 17, au 17 Mbps. Kama huna ffmpeg, chukua ukubwa wa faili kwa MB, zidisha kwa 8, kisha gawanya kwa sekunde za muda wake. Utapata jibu lilelile.

Sasa hesabu ya saa moja. Saa ina sekunde 3,600, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kila 1 Mbps inakula MB 450 kwa saa. Hii ndiyo namba pekee ya kukariri:

```
GB kwa saa = Mbps x 0.45
```

Kwa 17 Mbps ni GB 7.65 kwa saa. Nafasi yangu ya GB 20 ukiigawanya kwa 7.65 unapata saa 2.61, ambayo ni saa 2 na dakika 37. Simu haikuharibika, na programu ya kamera haikukosea. Ilifanya hesabu ambayo mimi sikuifanya.

Programu ya kamera inayokuja na simu kwa kawaida haikuonyeshi kasi ya biti. Unachagua 1080p au 4K, yenyewe inapanga mengine. Inapanga kwa kufikiria video fupi za harusini, watoto wanaokimbia, magari yanayopita, na huko kasi kubwa ina maana yake. Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao habadilishi picha kiasi hicho. Kwenye iPhone angalau mipangilio ya kamera inakutajia ukubwa kwa dakika: 1080p ya fremu 30 kwa sekunde, kwa mfumo wa kubana video wa HEVC, ni takriban MB 60 kwa dakika, na 4K ya fremu 30 ni takriban MB 170. Zidisha kwa 60 uone: ya kwanza ni GB 3.6 kwa saa, ya pili ni GB 10.2. Kwa mhadhara wa saa tatu, 4K itataka zaidi ya GB 30.

Nilichofanya mimi ni kuachana na kamera ya simu na kutumia Open Camera, ambayo ni ya bure na ina sehemu ya "Video bitrate (approx)" kwenye mipangilio ya video. Niliacha resolusheni ileile ya 1920x1080, nikaweka fremu 30, na nikachagua kasi iliyo karibu na 4 Mbps. Sauti inaongeza kidogo sana, kama 0.1 Mbps. Jumla 4.1, mara 0.45, ni takriban GB 1.85 kwa saa. Mhadhara mzima wa saa tatu unachukua GB 5.5 badala ya GB 23, na ukiuweka pembeni ya ule wa zamani, wanafunzi hawaoni tofauti ubaoni.

Kuhusu sauti, usijaribu kuokoa nafasi huko. Hata ukiipunguza nusu, unapata MB 25 hivi kwa saa, na unampotezea msikilizaji kile anachokihitaji kuliko picha yenyewe. Mwanafunzi anaweza kufuata mhadhara ambao picha yake ni hafifu. Hawezi kufuata ule ambao maneno hayasikiki.

Dalili: umeshusha resolusheni lakini faili halijapungua

Hili huwachanganya watu wengi. Mtu anatoka 1080p kwenda 720p kwenye programu inayomruhusu kuweka kasi ya biti mwenyewe, anarekodi, na anakuta faili ni kubwa vilevile. Anadhani mpangilio haukushika.

Umeshika. Ila kasi ya biti ameiacha palepale. Ukimwambia kifaa kiandike 8 Mbps, kitaandika takriban 8 Mbps, iwe picha ni kubwa au ndogo, na saa moja itakuwa GB 3.6 vilevile. Kwenye kamera ya kawaida ya simu faili hupungua ukishuka kwenda 720p kwa sababu programu hushusha vyote viwili kimyakimya. Ndiyo maana watu wanaamini kwamba ni resolusheni inayopunguza ukubwa.

Kwa hiyo ukitaka kuokoa nafasi, gusa kasi ya biti kwanza na uiache resolusheni. Ukifika mahali ambapo picha inaanza kuvunjika, hapo ndipo kushusha resolusheni kuna faida: pikseli ni chache, kwa hiyo bajeti ndogo ya biti inatosha kuzihudumia. 1080p kwa 1.5 Mbps huonekana vibaya kuliko 720p kwa 1.5 Mbps, hasa kwenye simu ya kawaida, na mafaili yote mawili yana ukubwa uleule.

Angalia pia idadi ya fremu. Kama simu imewekwa kwenye fremu 60, kasi ileile ya biti inagawiwa picha mara mbili zaidi kila sekunde. Mhadhara hauhitaji 60. Fremu 30 zinatosha, na kwa slaidi peke yake hata 15 hazisumbui jicho.

Dalili: umerekodi kwa 1080p lakini ubao hausomeki

Hapa ndipo ningependa mtu atulie, maana watu wengi hukimbilia 4K na kujaza simu bila sababu.

Kwanza simamisha video kwenye sehemu ambayo mwalimu ametulia kwa sekunde tano au zaidi, kisha angalia herufi. Kama hata hapo, bila kitu chochote kutembea, herufi ni ukungu, tatizo si kasi ya biti. Ni pikseli au fokasi. Kama herufi zimetulia na zinasomeka pale palipotulia, lakini zinavunjika mwalimu anapopita, ruka hadi dalili inayofuata.

Sasa pima. Ubao wa ukumbi wetu una upana wa karibu mita 4. Siku za mwanzo nilikuwa naweka stendi nyuma kabisa ili nisiwasumbue wanafunzi, na kutoka pale kamera ilikuwa inaona upana wa mita 8: ubao, milango miwili, bango la matangazo, na vichwa vya watu. Picha ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana. Gawanya kwa mita 8, kila mita inapata pikseli 240. Herufi ya chaki yenye urefu wa sentimita 5 inapata pikseli 12. Na kwenye takwimu kuna zile alama ndogo: x ambayo chini yake kuna i au j ndogo, yenye urefu wa sentimita 2 hivi. Hiyo inapata pikseli 5. Kwa pikseli 5 huwezi kutofautisha i na j, na mwanafunzi anayesoma fomula nyumbani saa nne usiku hana wa kumuuliza.

Kwa uzoefu wangu, herufi ya chaki inasomeka bila kukaza macho ikiwa na pikseli 20, inasomeka kwa kubahatisha ikiwa na 12, na chini ya 10 unakisia tu kutokana na muktadha.

Kuna njia mbili za kupata pikseli zaidi. Ya kwanza ni 4K, yenye pikseli 3,840 kwa upana, ambayo kutoka palepale nyuma ingenipa 480 kwa kila mita, kwa gharama ya nafasi niliyokwisha kuitaja. Ya pili ni kusogea. Nilihamisha stendi hadi safu ya tatu, nikaielekeza hadi ubao ujaze picha, upana wa mita 4.5 hivi. Sasa 1,920 kwa 4.5 ni pikseli 427 kwa mita. Herufi ya sentimita 5 ikawa na pikseli 21. Karibu sawa na 4K ya nyuma, na faili halikuongezeka hata kidogo.

Ile alama ndogo bado ilikuwa na pikseli 8 au 9. Kwa hiyo kabla ya kipindi nilimfuata mwalimu pale mezani.

"Dokta, shikamoo. Naomba zile namba ndogo za chini uziandike kubwa kidogo, hazionekani vizuri kwenye video."

"Marahaba mwanangu. Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kama sentimita 3. Akaandika moja ubaoni, nikaisoma kwenye simu, tukakubaliana. Zile namba zikapata pikseli 13, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena kama ile ni i au j.

Kama ukumbi haukuruhusu kusogea, jaribu kuvuta picha, lakini uwe mwangalifu. Kuvuta kwa lenzi halisi kunaongeza pikseli kwenye ubao. Kuvuta kwa kidole kwenye simu yenye lenzi moja kunakata sehemu ya katikati ya picha na kuipanua. Kwa kiasi kidogo bado kuna faida, ila ukizidisha unapanua ukungu. Rekodi sekunde kumi kwa kila hali, ziangalie kwenye skrini ya kompyuta, ndipo uamue.

Mambo mawili madogo yanayofanana na tatizo la resolusheni ingawa siyo. La kwanza ni fokasi kuhama: mwalimu akipita mbele, kamera inamfuata yeye, na ubao unabaki ukungu kwa sekunde kadhaa. Funga fokasi kwenye ubao kabla ya kuanza. La pili ni chaki ya rangi. Video za kawaida hurekodi mwanga kwa kila pikseli, lakini rangi hushirikishwa na pikseli nne kwa pamoja. Mstari mwembamba wa chaki nyekundu kwenye ubao wa kijani hautofautiani sana kwa mwanga, unatofautiana kwa rangi, kwa hiyo unayeyuka. Chaki nyeupe na njano huonekana vizuri. Nyekundu na bluu mwombe mwalimu aziache, au azitumie kupigia mistari tu.

Dalili: picha inavunjika vigae mwalimu akitembea, au ukuta unachemka

Hii ndiyo dalili halisi ya kasi ndogo ya biti. Mwalimu akisimama, kila kitu ni safi. Akitembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine, nyuma yake maandishi yanageuka vigae vya mraba, kisha baada ya sekunde moja au mbili yanarudi. Kinachotokea ni kwamba kodeki, yaani kile kinachobana video, haiandiki picha nzima kila mara. Inaandika picha nzima moja, halafu kwa fremu zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Mwalimu akitulia mabadiliko ni machache na bajeti inatosha. Akitembea, au akifuta ubao mzima kwa dasta, mabadiliko ni mengi kwa mpigo, na bajeti inaishiwa.

Tiba ni kupandisha kasi kidogo kidogo huku ukijaribu tukio gumu kuliko yote: mtu anafuta ubao. Mwombe mwenzako afute na kuandika kwa dakika moja kwa 2 Mbps, halafu 3, 4, 5. Kwenye simu yangu, kwa 1080p na mfumo wa kubana wa H.264, vigae vilionekana waziwazi kwa 2, vilikuwepo kidogo kwa 3, na kwa 4 havikunisumbua tena. Simu yako inaweza kuhitaji zaidi, maana uwezo wa kubana picha unatofautiana kati ya chipu na chipu. Kama simu ina HEVC na wanafunzi wako wana vifaa vinavyoifungua, unaweza kupata matokeo kama hayo kwa kasi ya chini zaidi. Mimi nimebaki na H.264 kwa sababu baadhi ya wanafunzi wanatumia simu za zamani, na faili lisilofunguka halina faida hata likiwa dogo.

Lakini kabla ya kupandisha, angalia mwanga. Kuna siku nilirekodi kwa mipangilio ileile ya 4 Mbps na picha ikawa mbaya. Ukuta mweupe ulikuwa unachemka kama uji jikoni, vidoti vinahangaika kila mahali, na maandishi yamefifia. Ilikuwa jioni ya mvua na taa mbili za mbele zilikuwa zimeungua. Giza likiingia, kamera inaongeza nguvu ya kihisio na picha inajaa chengachenga. Chengachenga hizo hubadilika kila fremu, na kodeki haijui kwamba ni uchafu. Inaona ukuta mzima umebadilika, inatumia biti kuuchora upya mara thelathini kwa sekunde, na herufi zinabaki na makombo. Ningepandisha hadi 10 Mbps, ningetumia nafasi zaidi ya mara mbili kuhifadhi chengachenga. Tuliwasha taa za pembeni na kufungua mapazia, na 4 Mbps ikatosha tena.

Taa za tyubu zina tatizo lao. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera ya fremu 30 isipolingana nazo, unaona mikanda ya kivuli ikipanda na kushuka ukutani. Inachosha macho, na pia inakula biti kwa njia ileile, kwa sababu kila fremu ina mwanga wake. Kwenye Open Camera tafuta "Anti-banding" na uchague 50 Hz.

Dalili: mhadhara umegeuka vipande vya dakika 33

Baada ya nafasi kuisha siku ile ya kwanza, wiki iliyofuata, kabla sijajua habari za kasi ya biti, niliweka memori kadi ya GB 32. Mafaili yakatoka vipande vipande, kila kimoja dakika 33 na sekunde kadhaa. Wapo ambao simu zao hazigawi vipande, zinasimama tu, na wanakuja kugundua mwisho wa kipindi.

Kadi za hadi GB 32 kwa kawaida huja zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia baiti 4,294,967,296, yaani takriban GB 4.29. Kwa GB 7.65 kwa saa, unafika hapo kwa dakika 33 na sekunde 40. Ukikutana na vipande vyenye urefu sawa, fanya hesabu hiyo: gawanya 4.29 kwa GB za saa moja. Jibu likilingana na urefu wa kipande, umempata mhusika. Kwa 4 Mbps pamoja na sauti, mpaka huohuo unafikiwa baada ya saa 2 na dakika 19, kwa hiyo mhadhara wa saa mbili unaingia wote kwenye faili moja na wa saa tatu hauingii.

Unaweza kuifomati kadi kwa exFAT kama simu yako inaikubali, ukikumbuka kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo. Au ziache zigawanyike, mradi ujaribu kwanza kama hakuna maneno yanayopotea pale kipande kimoja kinapoishia na kingine kinapoanza.

Usihangaike na kadi za kasi kubwa kwa kazi hii. Kadi ya Class 10 inaandika angalau MB 10 kwa sekunde, ambayo ni 80 Mbps. Mhadhara wa 4 Mbps hauikaribii. Kama kurekodi kunasimama ovyo kwenye kadi mpya, na mwanzo wa faili ni mzima lakini mbele pameharibika, shuku kadi bandia: imeandikwa GB 64 juu, ndani ina 8. Programu ya H2testw kwenye Windows huijaza kadi yote kisha huisoma tena, na ukweli unajulikana.

Dalili: makadirio hayalingani na faili

Ulikadiria GB 5.5, Windows inakuonyesha 5.12. Hapo hakuna kilichopotea. Mtengenezaji wa kadi anahesabu GB moja kama baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1,073,741,824 na bado inaandika GB. Tofauti ni karibu asilimia 7, na ndiyo sababu kadi ya GB 64 inaonekana kama 59.6. Ukilinganisha mahitaji na nafasi inayoonyeshwa na Windows, uko salama, kwa maana namba ya Windows ndiyo ndogo.

Tofauti kubwa zaidi inatokana na namna ya kurekodi. Ukirekodi skrini ya kompyuta kwa OBS Studio na ukachagua CRF, hujaagiza kasi ya biti. Umeagiza ubora, na kasi inafuata picha. Slaidi iliyosimama dakika tano haili karibu chochote. Mwalimu akifungua video ya mfano ndani ya slaidi, kasi inaruka mara kumi. Hapa fomula ya 0.45 haikusaidii kabla ya kurekodi. Rekodi kipande cha dakika 5 chenye mchanganyiko wa kweli wa kipindi, na uzidishe ukubwa wake kwa 12.

Njia hiyohiyo inafaa kwa mafaili makubwa uliyokwisha kuyarekodi na unataka kuyapunguza. Usibane mhadhara mzima ndipo ujue. Chukua dakika 5 za katikati, mahali ambapo mwalimu anaandika na kufuta:

```
ffmpeg -ss 00:40:00 -t 300 -i mhadhara.mp4 -c:v libx264 -crf 26 -c:a aac -b:a 96k jaribio.mp4
```

Fungua `jaribio.mp4`, tafuta herufi ndogo kuliko zote ubaoni. Zikisomeka, zidisha ukubwa kwa 12 upate saa moja, kisha rudia amri bila `-ss 00:40:00 -t 300` kwa faili zima. Zisiposomeka, shusha 26 hadi 23 na ujaribu tena. Namba ikiwa ndogo, ubora unapanda na faili linakua. Ubao ambao haukusomeka tangu kwenye faili la kwanza hautasomeka kwa njia yoyote hapa.

Dalili: umeme umekatika na faili halifunguki

Hili ni la wanaorekodi kwa kompyuta isiyo na betri nzuri. Faili la kawaida la MP4 huandikiwa orodha yake ya ndani mwishoni, wakati wa kufunga. Umeme ukikatika katikati, GB zote zipo kwenye diski lakini orodha haipo, na hakuna programu ya kawaida inayoweza kulifungua. Kwenye OBS rekodi kwa MKV, ambayo hata ikikatika husomeka hadi pale ilipofikia. Kuigeuza kuwa MP4 baadaye hakuchukui nafasi ya ziada ukishafuta la zamani, wala ubora haubadiliki, kwa kuwa data inanakiliwa kama ilivyo:

```
ffmpeg -i mhadhara.mkv -c copy mhadhara.mp4
```

Wakati wa kugeuza unahitaji nafasi ya mafaili yote mawili kwa pamoja. Kwa mhadhara wa GB 5.5, hakikisha diski ina GB 11 kabla ya kipindi kuanza, si baada yake.